Asubuhi sukari ya bibi ni 7, mbona HbA1c imetoka 9.4?

*Shikamoo daktari. Bibi yangu ana miaka 68, yuko Korogwe, ana kisukari aina ya pili na anameza metfomini na glibenklamidi. Tulimnunulia mashine, anapima kila asubuhi kabla ya kula na inatoka 7 mpaka 8. Sukari kwenye chai kaacha, na nyumbani ni dona tu. Juzi kapimwa HbA1c kliniki imetoka 9.4, nesi kamgombeza. Mashine ni mbovu, au bibi anatudanganya?*

Marahaba mwanangu. Yawezekana kabisa mashine ni nzima na bibi anasema kweli. HbA1c inaonesha wastani wa sukari kwa miezi kama 3 iliyopita, mchana na usiku, na 9.4 ni sawa na wastani wa karibu 12.4 kwenye mashine yenu. Sasa kama asubuhi ana 7 au 8 na wastani ni 12.4, basi kuna saa za siku ambazo anafika 14, 15 au zaidi, na saa hizo hakuna anayempima. Kupima asubuhi peke yake ni kama kuhesabu droo ya duka kabla halijafunguliwa.

Tena asubuhi ndiyo saa ambayo dawa yake inafanya vizuri zaidi. Usiku ini la mtu humwaga sukari kwenye damu ili mwili usikae na njaa, na kwa mwenye kisukari ini hilo humwaga kupita kiasi. Kazi kubwa ya metfomini ni kulizuia. Kwa hiyo namba nzuri ya asubuhi inakwambia dawa imefanya kazi usiku. Chakula cha mchana kilifanya nini, namba hiyo haijui.

Nikusimulie habari ya bibi mmoja niliyemhudumia, wa Muheza, mwenye kibanda cha machungwa kandokando ya barabara. Alikuja na shida kama ya bibi yako, na njia aliyopita mnaweza kuipita.

Alikuja na mjukuu wake wa darasa la sita, ambaye ndiye aliyekuwa anaandika namba kwenye daftari la mistari. Daftari lilikuwa safi: asubuhi 7.2, asubuhi 7.5, asubuhi 6.9. HbA1c yake ilikuwa 9.6. Bibi mwenyewe kusoma kulimpiga chenga, lakini namba alizijua kuliko mimi, maana ameuza machungwa maisha yake yote. Nilimwomba apime mbele yangu. Akachoma katikati ya ncha ya kidole cha shahada, pale pale tunapogusia vitu, akakamua kwa nguvu mpaka kidole kikawa cheupe, akapata tone dogo, mashine ikaandika kosa. Stripu moja imekwenda. Akaniambia, “Mwanangu, hii ndiyo sababu napima mara moja tu. Inauma, na hivi vijikaratasi ni hela.”

Basi tulianzia hapo. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, ikaushwe kabisa, kisha mkono uning'inizwe chini kidogo damu ishuke. Achome ubavuni mwa ncha ya kidole cha kati, cha pete au kidole kidogo, kwa sababu ubavuni mishipa ya maumivu ni michache. Kidole kipapaswe taratibu kuanzia kiganjani kuja kwenye ncha, kisikamuliwe. Tone likitokea, stripu ndiyo inapelekwa kwenye damu, inavuta yenyewe. Alipofanya hivyo alicheka, kwa kuwa hakusikia kitu.

Kisha tukapanga kupima kwa jozi. Mlo mmoja unapimwa mara mbili: kabla ya kuanza kula, na saa mbili baada ya tonge la kwanza. Saa mbili zihesabiwe tangu tonge la kwanza, maana wengi wanaanza kuhesabu wakishanawa mikono na namba inawapotea. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo kazi ya chakula kile. Kama kabla ni 7 na baada ni 9.5, chakula kimepandisha 2.5, na mimi ongezeko lililo chini ya 3 huwa naridhika nalo. Baada ya mlo tunataka asivuke 10. Hamhitaji kupima kila mlo kila siku. Siku 3 za chai ya asubuhi, siku 3 za mchana, siku 3 za usiku, zote hizo ni stripu 18 tu, na kopo la kawaida lina 50.

Bibi yule alianza na asubuhi. Siku ya kwanza kabla 7.1, baada 15.2. Ya pili 7.6 na 14.6. Ya tatu 6.9 na 14.9. Mjukuu alinipigia simu siku ile ya kwanza akidhani mashine imeharibika, kwa sababu bibi hakula kitu cha sukari. Alikunywa uji.

Uji wenyewe ulikuwa wa unga wa lishe: mahindi, mtama, ulezi, soya na karanga kidogo, hauna sukari hata chembe. Kwa watu wengi huo ni chakula cha mgonjwa, na bibi aliuona kama dawa. Tangu agundulike na kisukari alikuwa amekwenda kutoka kikombe kimoja mpaka vikombe viwili vikubwa, vile vya bati. Nilimwomba mjukuu animiminie kwenye sahani unga mkavu anaoutumia kupika uji wa bibi asubuhi. Ulitosha kabisa kusonga ugali wa mtu mmoja akashiba. Ndiyo hesabu yenyewe: bibi alikuwa anakula ugali mzima saa moja asubuhi, tena ugali wa majimaji. Nafaka iliyosagwa laini na kuchemshwa mpaka ikaiva kabisa haina kazi iliyobaki tumboni. Inapita haraka, inageuka sukari haraka, na kwa vile inanywewa, dakika 5 imekwisha. Kuondoa sukari ya kijiko hakubadilishi hilo.

Hatukumwambia aache uji kwa amri. Nilimwomba ajaribu kitu kingine siku 2 kisha aulize mashine. Akala yai moja la kuchemsha, kiporo cha maharage ya jana yake, kipande cha kiazi kitamu cha kuchemsha kisichozidi ngumi yake, na chai ya maziwa isiyo na sukari. Kabla 7.3, baada 9.8. Kesho yake 7.0 na 9.4. Hapo sikuwa na haja ya kusema neno, alishaona mwenyewe. Uji hakuuacha kabisa, anakunywa nusu kikombe siku za baridi, pamoja na yai, na anajua utampandisha kiasi gani.

Tukaja mchana. Ugali wa dona, dagaa, mchicha. Kabla 8.2, baada 13.1. Hapa nakuomba unisikilize vizuri kwa sababu ya hilo neno lako “dona tu”. Dona ni bora kuliko sembe, ina nyuzinyuzi na kiini, lakini bado ni mahindi, na wanga wake unageuka sukari vilevile. Tatizo ninaloliona kliniki ni kwamba mtu akishaambiwa dona ni nzuri, anaongeza tonge. Ugali wa muhogo na wa mtama nao ni hivyohivyo. Na asali pia, kama kuna jirani amewaambia kwamba asali haina shida, ni sukari.

Kwa hiyo hatukubadilisha unga, tulibadilisha kipimo. Ugali wake ulikuwa kama ngumi zake mbili, tukaushusha kuwa ngumi moja, na mboga za majani zikajaza nusu ya sahani. Tena nikamwomba aanze na mboga na dagaa, ale kama robo ya mlo wake hivyo, ndipo aguse ugali. Mpangilio huo peke yake hupunguza kasi ya sukari kupanda, kwa kuwa nyuzinyuzi na protini vikitangulia tumbo linachelewa kuachia wanga. Alilalamika kwamba dagaa bila ugali ni kula kama paka. Lakini alifanya, na namba ikawa 7.8 kabla, 10.1 baada. Bado imevuka 10 kidogo. Siku aliyoongeza kutembea dakika 15 baada ya kula, kwenda na kurudi kibandani, ikashuka chini ya 10. Misuli ikifanya kazi inavuta sukari kutoka kwenye damu bila kungoja dawa.

Usiku ndio uliotushangaza sisi wote. Wali wa nazi na mbaazi, chakula ambacho nesi wa kwanza alikuwa amempigia marufuku, na yeye akawa anakula kwa kujificha. Kabla 7.9, baada 10.2. Sababu ilikuwa rahisi: wajukuu wanapakuliwa kwanza, yeye anabakiwa na vijiko vichache vya wali na bakuli zima la mbaazi. Kunde, maharage, choroko na mbaazi hupandisha sukari polepole. Kwa hiyo wali wake ule mdogo hakuwa na sababu ya kuuogopa, na uji aliouheshimu ndio uliokuwa unamuumiza. Haya sikuyajua mimi wala kitabu changu mpaka kidole chake kiliposema. Kwa bibi yako huenda ikawa kinyume kabisa, ndiyo maana sitakuandikia orodha ya vyakula. Mtengenezee orodha yake kwa jozi hizi.

Siku moja namba ilitoka 17.4 kabla ya chakula cha mchana. Bibi akapaniki, akataka kumeza vidonge viwili. Bahati mjukuu akapiga simu kwanza. Nikauliza bibi alikuwa anafanya nini. Alikuwa anamenyea wateja machungwa. Maji ya tunda yanapokauka kidoleni yanaacha sukari, na tone la damu likipita juu yake linaibeba. Kufuta kwa spiriti hakutoshi kuiondoa, inataka maji na sabuni. Alipoosha na kupima tena ikawa 8.0. Basi namba yoyote inayokuja ghafla na isiyoendana na alichokula, aoshe mikono na arudie kabla ya kufanya lolote. Tena stripu ziachwe kwenye kopo lake, mfuniko ukifungwa mara tu anapotoa moja, na kopo likae mbali na jiko na mbali na friji, maana joto na unyevu huziharibu. Muangalie na tarehe ya mwisho. Zikiwa salama, mashine bado inaruhusiwa kupotoka kwa asilimia 15 juu au chini, kwamba sukari ya kweli ikiwa 8 inaweza kuandika 6.8 au 9.2. Msigombane kwa sababu ya 7.4 na 7.9.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo kwa bibi yako linanipa wasiwasi kuliko 9.4 yenyewe, nalo ni glibenklamidi. Dawa hii hulisukuma kongosho litoe insulini hata kama mtu hajala. Wakati bibi anakunywa uji vikombe viwili, insulini ile inapata kazi. Siku akipunguza wanga na kuendelea na vidonge vilevile, inabaki haina cha kufanyia kazi, na sukari inashuka chini kupita kiasi. Kwa mzee figo zikishachoka, dawa hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, kwenye orodha yake ya dawa muhimu, limeandika kwamba glibenklamidi haifai kwa waliozidi miaka 60. Bado inatolewa sana kwa kuwa ni ya bei nafuu.

Bibi wa Muheza yalimkuta wiki ya tatu. Saa tano asubuhi, kibandani, akaanza kutokwa jasho jembamba, mikono ikatetemeka, mteja akampa elfu tano akashindwa kurudisha chenji. Mwanamke ambaye hajawahi kukosea chenji. Jirani alidhani ni malaria, akataka kumpeleka akalale. Mjukuu hakuwa shule siku hiyo, akampima: 3.2. Chochote chini ya 4 ni sukari iliyoshuka, na hapo hatungoji. Alikoroga vijiko vidogo 3 vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, akamnywesha, akasubiri dakika 15, akapima tena, ikawa 4.6. Kama ingekuwa bado chini ya 4 angerudia vilevile. Baada ya hapo akampa kipande cha kiazi na maziwa ili isishuke tena, kisha wakaja kliniki siku hiyohiyo na daftari.

Kwa mzee dalili zinaweza zisiwe jasho na kutetemeka. Anaweza tu kuwa mkali bila sababu, kuchanganya majina ya watoto, au kusinzia mchana, na watu wakasema ni uzee. Mkiona hivyo pimeni. Na akiwa hana fahamu au hawezi kumeza, msimwagie chochote mdomoni, atapaliwa. Mlazeni ubavu na mumkimbize hospitali.

Daftari lile ndilo lililoamua. Kwa jozi zile daktari mwenzangu aliona milo imetulia, akaondoa glibenklamidi na kumwachia metfomini. Hilo halifanyiki nyumbani. Kwa bibi yako nataka mambo yaende kwa mpangilio huu: wiki hii apime jozi bila kubadilisha mlo hata kidogo, ale kama kawaida yake, ili tuone ukweli. Kisha mwende kliniki na namba, muwaambie mnataka kupunguza wanga na mwulize kuhusu kubadilishiwa glibenklamidi, pamoja na kupimwa figo. Baada ya hapo ndipo mguse sahani yake. Akitaka kufunga Ramadhani, swali hilo nalo liulizwe mapema, wiki kadhaa kabla, kwa sababu kufunga mchana kutwa huku ukimeza dawa hii ni hatari kweli.

Kuhusu lengo, msimbane bibi kama kijana. Kwa mzee wa umri wake mwenye afya ya kiasi, HbA1c ya 7.5 mpaka 8 inatosha, na asubuhi kuwa kati ya 5 na 8 ni sawa. Nikiona mzee ana asubuhi za 4.2 huwa sifurahi, nauliza anameza nini. Bibi wa Muheza baada ya miezi 3 alitoka 9.6 akafika 7.8, tukaishia hapo kwa makusudi. Kwenye arusi anakula pilau, kijiko kikubwa kimoja au viwili, kachumbari nyingi kwanza, na soda haigusi.

Kuna jambo moja la kuuliza kliniki kabla hamjaendelea: kama bibi ana upungufu wa damu, sikoseli kwenye ukoo, au aliongezewa damu hivi karibuni, HbA1c inaweza kutoa namba isiyo ya kweli, juu au chini. Hapo jozi za mashine ndizo za kuaminiwa.

Na nesi aliyemgombeza, msimchukie, ila bibi asirudi kwake mikono mitupu. Kwenye daftari muandike safu nne: saa, namba ya kabla, alichokula kwa ngumi na vikombe, na namba ya baada. Anza na chai ya asubuhi, siku 3, halafu niandikie namba hizo 6 na unitajie anakunywa nini na kikombe cha ukubwa gani. Ikitokea kabla ya hapo ikawa juu ya 15 mara mbili mfululizo baada ya kunawa mikono, na bibi anakunywa maji sana, anatapika au analegea, usiniandikie, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.